Fremu ya Mlango wa Mbele Kyuso: Chuma, Mbao au Alumini

Fremu ya mlango ni miimo miwili iliyosimama na kizingiti kinachoiunganisha juu. Ubawa wa mlango ukiharibika, fundi huutoa kwenye bawaba akatia mwingine kabla ya chakula cha mchana. Fremu haitoki kirahisi hivyo. Imeshikwa na ukuta, na kuing'oa ni kubomoa plasta, kulegeza matofali na pengine kuigusa linta inayobeba ukuta wa juu. Kwa hiyo mjenzi huichagua mara moja tu, kwa kawaida ukuta ukiwa umefika magotini na pesa zimeanza kupungua, na hapo ndipo ushauri unapogongana: jirani anasema chuma, seremala anasema mbao, na kijana aliyerudi kutoka Nairobi anasema alumini.

Makala hii inavilinganisha vifaa hivyo vitatu kwa kuangalia Kyuso, mji ulio kaskazini mwa Kaunti ya Kitui kwenye barabara ya kutoka Mwingi kwenda Tseikuru. Kyuso ni nchi kavu yenye jua kali. Mvua ni mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wakulima huitegemea zaidi. Mchwa ni wengi, na maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za eneo hili yana chumvi. Vyuma, vioo na mbao za nyanda za juu huja kwa lori kupitia Mwingi. Kila moja ya hali hizo ina jambo lake la kufanya na fremu, na uamuzi unaofaa Nyeri au Mombasa unaweza kuwa kosa huku.

Fremu huanza kuharibika kutoka chini. Sentimita 30 za mwisho, pale miimo inapokutana na sakafu, ndizo zinazopata maji ya kupigia deki kila asubuhi, matone ya mvua yanayoruka kutoka kwenye baraza, vumbi, na mchwa wanaopanda kutoka ardhini. Juu ya hapo fremu inaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa na chochote isipokuwa jua. Ukitaka kujua hali ya fremu ya nyumba unayotaka kununua au kupanga, usipoteze muda kuitazama kwenye usawa wa macho. Piga magoti, ukwaruze mguu wa mwimo kwa bisibisi.

Mbao

Fremu ya mbao ya mlango wa mbele kwa kawaida hutengenezwa kwa mbao za sita kwa mbili, yaani inchi 6 kwa inchi 2, zilizopigwa randa na kuchongwa gemu ya nusu inchi ambamo ubawa hukaa ukifungwa. Mbao ambazo mtu hupata kwa urahisi ni saiprasi, mkaratusi na mgrivilea kutoka sehemu za mvua, na hapo ndipo tatizo la kwanza linapoanzia. Mti uliopasuliwa wiki iliyopita bado umejaa maji. Ukiletwa kwenye hewa kavu ya Kyuso, hukauka kwa haraka, na mbao ikikauka husinyaa kwa upana wake, lakini kwa urefu karibu haisinyai kabisa.

Kadirio linalotumiwa na mafundi wa mbao duniani ni kwamba kila asilimia 1 ya unyevu inayopotea huondoa takriban robo ya asilimia 1 ya upana. Tuseme mbao ya milimita 150 imefika ikiwa na unyevu wa asilimia 24, na hewa ya hapa itaishusha hadi 11. Tofauti ni 13, na robo yake ni asilimia 3 na kidogo. Mbao hiyo itapoteza karibu milimita 5. Nafasi ya milimita 5 kati ya fremu na plasta inamtosha mchwa, nge, vumbi, na hata ncha ya mtaimbo. Mbaya zaidi, mbao haisinyai sawasawa pande zote. Mwimo hujipinda, na mlango uliofungika vizuri mwezi wa Novemba unakataa kufungika mwezi wa Februari.

Kuna njia rahisi ya kujua kama mbao imekauka. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, maana ncha hukauka kwanza na hudanganya. Kipime kwenye mzani, kisha kikaushe kwa moto mdogo juu ya jiko, bila kukiunguza, mpaka uzito wake usishuke tena. Kipande kilichokuwa gramu 500 kikibaki gramu 400, maji yaliyotoka ni gramu 100 juu ya gramu 400 za mti wenyewe, yaani unyevu wa asilimia 25. Mbao hiyo haifai fremu bado. Ipangwe kivulini na vijiti katikati ya mbao ili hewa ipite, ingojewe miezi kadhaa. Seremala anayekuambia itakaukia ukutani anakwambia kweli, na hilo ndilo tatizo.

Mchwa ni shauri la pili. Hawahitaji kuonekana. Hupanda kupitia ufa wa sakafu, wakaingia mwimo kwa chini, wakala moyo wa mbao na kuacha ngozi nyembamba iliyopakwa vanishi inayong'aa. Gonga kwa kifundo cha kidole: mbao nzima hutoa sauti kavu na fupi, iliyoliwa husikika kama debe tupu. Njia zao za udongo zenye upana wa kalamu zikionekana kwenye plasta kando ya mlango, kazi imekwishaanza. Wengi hupaka mafuta ya injini yaliyotumika kwenye miguu ya fremu kabla ya kuisimamisha. Yanafukuza mchwa kwa muda, lakini rangi haishiki juu yake na harufu hukaa. Linalosaidia zaidi ni kutouzika mguu wa mwimo ndani ya zege la sakafu. Ukalie jiwe au kitalu cha zege kilichoinuliwa kidogo juu ya sakafu, ukiwa na kipande cha karatasi ya lami katikati, ili mchwa wakitaka kupanda walazimike kujenga njia yao mahali unapoweza kuiona.

Ukambani ina jibu lake la zamani kwa mchwa, nalo ni mukau. Wataalamu huuita Melia volkensii. Ni mti wa asili wa nchi kavu za Afrika Mashariki, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, kupitia kituo chake cha Kitui na kwa ushirikiano na Japani, imefanya kazi kwa miaka mingi kuchagua mbegu bora na kuwafundisha wakulima kuupanda mashambani. Mbao zake ni za rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, hupigwa randa vizuri, na sehemu ya ndani ya shina hustahimili mchwa. Neno la kushika hapo ni sehemu ya ndani. Ukanda mweupe ulio karibu na gome huliwa kama mbao nyingine yoyote, na mti uliokatwa mdogo unakuwa na ukanda huo mwingi. Fremu ya mukau yenye kingo nyeupe ina jina zuri na miguu mibaya. Muuku nao ni mgumu kwa mchwa, ila hutumiwa zaidi kwa nguzo kuliko kwa kazi ya randa.

Mwenye mukau uliokomaa shambani kwake ana fremu ambayo duka la Mwingi haliwezi kumuuzia. Asiyekuwa nao ajue kwamba mti wa asili umekatwa sana, na kwamba kusafirisha mbao kunahitaji kibali. Aulize kwanza zilikotoka.

Chuma

Chuma ndicho kifaa ambacho fundi wa kuchomelea yeyote katika mji mdogo wa Kenya anakijua. Fremu hutengenezwa kwa engo, yaani chuma chenye umbo la L, au kwa chuma cha umbo la Z ambacho hutoa gemu ya mlango bila kazi ya ziada, au kwa bati zito lililokunjwa kiwandani. Tofauti ya kudumu kati yao iko kwenye unene, na unene ndipo mnunuzi anapopunjwa.

Engo ya milimita 40 kwa 40 huuzwa kwa pau la mita 6. Ikiwa kweli ni ya milimita 3, pau hilo lina uzito wa karibu kilo 11. Ikiwa ni ya milimita 2, linakuja kilo 7 na kitu. Kwa macho zinafanana, hasa zikiwa zimeshapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Bati lililokunjwa hutajwa kwa geji: geji 16 ni karibu milimita 1.5, geji 18 ni karibu milimita 1.2, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi, jambo linalowachanganya wengi.

Unene unahusu kutu kabla ya kuhusu wezi. Chukulia, kwa hesabu tu, kwamba kutu inakula milimita 0.05 kwa mwaka kutoka kila upande wa mguu wa fremu unaolowa kila siku. Pande mbili ni milimita 0.1. Bati la milimita 1.2 litakuwa limetoboka lote katika miaka 12. Engo ya milimita 3 itafika miaka 30. Mwendo halisi wa kutu hutegemea maji, rangi na chumvi, lakini uwiano haubadiliki: ukiongeza unene mara mbili na nusu, unaongeza umri mara mbili na nusu, na bei haipandi kiasi hicho kwa sababu kazi ya fundi na usafiri ni ileile.

Sasa chumvi. Fundi wa Kyuso hukoroga saruji kwa maji aliyoletewa, na mara nyingi yametoka kwenye kisima kirefu. Chumvi ya maji hayo hubaki ndani ya plasta na zege baada ya maji yenyewe kukauka. Kwa kawaida saruji hukilinda chuma kilichozikwa ndani yake, kwa sababu inakizungushia hali isiyoruhusu kutu kuanza. Chumvi huuvunja ulinzi huo. Kila unyevu ukija, kutu huendelea kutoka nyuma ya fremu, upande ambao hakuna brashi itakayoufikia tena. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili au zaidi, kwa hiyo huisukuma plasta. Dalili ya kwanza ni ufa wima ulionyooka kando ya mwimo, kisha doa la kahawia, kisha rangi inayovimba kama lengelenge karibu na sakafu. Wengi huziba ufa kwa simiti na kupaka upya. Miezi michache baadaye ufa hurudi mahali palepale.

Dawa yake ni nafuu, ila lazima ifanywe kabla fremu haijasimama. Kwanza fundi aondoe taka ya kuchomelea na magamba meusi ya kiwandani kwa brashi ya waya, maana rangi iliyopakwa juu ya magamba hubanduka nayo. Kisha apake rangi ya kuzuia kutu pande zote, na hasa nyuma, mikono miwili. Miguu, kuanzia chini hadi sentimita 30, ipate lami juu ya rangi hiyo. Na kwa kazi ya kuzunguka fremu, mwenye nyumba atafute mapipa mawili ya maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba. Mapipa mawili yanatosha fremu zote za nyumba ya kawaida. Nimewaona watu wakinunua kitasa cha bei kali na kubana kwenye maji.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa chuma hulisema nusu. Mchwa hawali chuma, hiyo ni kweli. Lakini fremu iliyokunjwa ina shimo nyuma yake, na shimo hilo likiachwa bila kujazwa linakuwa barabara iliyofunikwa kutoka sakafuni hadi kwenye mbao za paa. Fremu lazima ijazwe mchanga na saruji wakati ukuta unapanda, kila baada ya kozi mbili au tatu za matofali. Ukisubiri imalize kusimama, mchanganyiko hautafika chini.

Alumini

Alumini ina sifa moja kubwa: haishiki kutu kama chuma na mchwa hawana shughuli nayo. Ni nyepesi, karibu theluthi moja ya uzito wa chuma cha ujazo uleule, na haihitaji rangi ya kila baada ya miaka michache. Kwa madirisha ya Kyuso ni kifaa kizuri. Kwa mlango wa mbele, hoja zake zinapungua.

Alumini hunyumbuka takriban mara tatu kuliko chuma cha umbo na unene uleule. Miimo ya bei nafuu ina kuta za milimita moja na kitu, na skrubu za bawaba na za kitasa zinashika unene huo tu. Mwizi hahitaji kuvunja chochote. Anaupenyeza mtaimbo kati ya ubawa na mwimo, anasukuma, mwimo unajikunja vya kutosha na ulimi wa kitasa unatoka kwenye tundu lake. Ziko fremu nene zenye kitasa kinachofunga mahali patatu, lakini hizo ni za bei nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo wengi wanaoweka mlango wa alumini huongeza geti la grili ya chuma nje yake, wakawa wamelipia milango miwili.

Saruji mbichi nayo ni adui wa alumini. Hula ngozi nyembamba inayoilinda na kuacha madoa meupe yasiyofutika. Kwa hiyo fremu ya alumini husimamishwa mwisho, plasta ikiwa imekauka, kwa skrubu zinazoingia kwenye plagi za plastiki ukutani. Hapo inategemea ubora wa tofali. Tofali la kuchoma lililoiva vizuri hushika skrubu. Lile la kandokando ya tanuri, lililobaki rangi ya udongo, humeguka, na skrubu inazunguka bila kushika. Kuna pia joto: mwimo wa alumini wa mita 2.1 ukipata ongezeko la nyuzi 40, kama mlango unaotazama machweo unavyoweza kupata, hurefuka karibu milimita 2, wakati ule wa chuma hurefuka milimita 1. Fundi asipoacha nafasi, kitasa kinagoma alasiri na kukubali usiku. Mwisho, mwimo ukipinda, welda wa sokoni hawezi kuunyoosha wala kuuchomelea kwa mashine yake. Itabidi umngoje aliyeuleta.

Mahali sita pa kushika

Usalama wa mlango mara nyingi hupimwa kwa uzito wa kufuli, lakini milango mingi iliyovunjwa inaonyesha kwamba kufuli ilibaki nzima na fremu ndiyo iliyoachia ukuta. Fremu ya mbao au ya chuma hushikwa na vyuma vidogo vinavyoingia kwenye ukuta, vitatu kila upande: kimoja kama sentimita 30 kutoka chini, kimoja sentimita 30 kutoka juu, na kimoja katikati, usawa wa kitasa. Kila kimoja kiwe na urefu usiopungua sentimita 15, ncha yake ipasuliwe kama mkia wa samaki, kisha kizungushiwe zege dogo la kokoto badala ya udongo wa kujengea. Mafundi wenye haraka huweka viwili kila upande, tena juu na chini, na kuacha usawa wa kitasa, ambapo ndipo teke linapotua, bila kitu.

Kwenye mbao kuna udhaifu wa ziada. Tundu la ulimi wa kitasa huchongwa karibu na ukingo wa gemu, na kinachobaki mbele yake ni kipande chembamba kinachopasuka kwa mkondo wa nyuzi. Bamba la kitasa lililofungwa kwa skrubu za nusu inchi halisaidii. Skrubu za inchi 3 zinazopita mwimo na kuingia ukutani hubadilisha hali kwa gharama ndogo sana. Kwenye chuma, kagua bawaba. Fundi mara nyingine huzishika kwa vitone vya kuchomelea ili apime mlango, halafu husahau kurudi kuzimaliza. Mshono uzunguke bawaba upande wote. Na mlango unaofunguka nje, pini zake zikiwa nje, pini hizo zipigwe kitone cha kuchomelea juu na chini, la sivyo nyundo na msumari vinatosha kuzitoa.

Hesabu ya mlango mmoja

Tuchukue mlango wa ubawa mmoja, milimita 900 kwa 2100. Miimo miwili na kizingiti ni mita 2.1 mara mbili, na 0.9, jumla mita 5.1. Pau moja la engo la mita 6 linatoa fremu nzima, na kipande kinachobaki, cha karibu sentimita 90, kinakatwa vyuma sita vya kushikia ukuta. Hakuna kinachotupwa. Mnunuzi analipia pau moja, fito chache za kuchomelea, rangi, lami kidogo na kazi ya fundi ya nusu siku. Usafiri ni wa mkokoteni au bodaboda.

Kwa mbao, miimo ni futi 7 kila mmoja na kizingiti futi 3 na nusu pamoja na masikio, kwa hiyo utanunua futi 18 za sita kwa mbili. Juu yake kuna randa na gemu, vyuma sita vya kushikia, karatasi ya lami, na vanishi ambayo kwa jua la Kyuso itahitaji kurudiwa mara nyingi kuliko rangi ya chuma. Fremu ya saiprasi inaweza kukaribia bei ya chuma au hata kuwa chini yake siku ya kununua. Ya mbao ngumu kutoka mbali huipita waziwazi. Ya mukau wa shambani ina bei ya kupasua na kuranda tu, ukiacha thamani ya mti wenyewe.

Alumini haiuzwi kama fremu peke yake kwa kawaida. Huja na ubawa, kioo na kitasa, na mtengenezaji huja kupima tundu, akarudi baadaye kusimamisha. Safari hizo mbili, pamoja na kubeba kioo kwenye barabara, zimo ndani ya bei hata zisipoandikwa. Ukiongeza geti la grili, ndiyo ghali kuliko zote kwa mlango wa mbele, na tofauti haiko karibu.

Kabla hujamlipa fundi wa fremu yoyote, chukua utepe upime kutoka pembe hadi pembe. Fremu ya 900 kwa 2100 iliyonyooka ina milimita 2285 katika mishazari yote miwili. Mishazari ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3 au 4, mlango utakwaruza. Pima tena baada ya kusimamisha, na uweke tegemeo la mbao katikati ya miimo mpaka zege likauke, kwa sababu ukuta unaojengwa huisukuma miimo ndani na tumbo hilo halinyooshwi baadaye.

Uamuzi ungebadilika pwani. Lamu na Unguja bado zina milango ya mbao ya karne ya 19 yenye miimo iliyonakshiwa, wakati chuma kilichowekwa mita chache kutoka baharini huhitaji kulindwa kila mara kwa sababu ya hewa ya chumvi. Huko mbao ngumu na alumini zina haki ya kutangulia. Kyuso chumvi haiji na upepo. Inaletwa na mtungi wa fundi, na mtungi unaweza kubadilishwa.

Kwa hiyo, kwa mlango wa mbele wa nyumba ya matofali Kyuso, chagua engo au Z ya chuma yenye unene wa milimita 3 au zaidi, iliyopakwa rangi nyuma kabla ya kusimama na kushikwa mahali sita. Mukau uliokauka na kutolewa weupe ni sawa nayo kwa yule aliyenao. Alumini iende madirishani. Na fundi akikuapia kwamba engo yake ni ya milimita 3, usibishane naye. Libebe pau hadi kwa mnunuzi wa ndengu sokoni, uliweke kwenye mzani wake. Likikosa kilo 10, lirudishe.